Mstari Ulioshuka Siku ya Mazishi

Nimefanya kazi katika miji mingi, na karibu kote nilikuwa mtu wa kuandika namba. Niliandika uzito wa malori kwenye mizani ya barabarani, nikaandika mashada ya maua kule Naivasha, nikaandika magunia ya sukari Jinja. Kila mahali nilikaa mpaka miguu ikaanza kuniwasha, kisha nikaondoka. Nilipofikisha arobaini na kitu nilirudi Busia, upande wa Kenya, katika nyumba aliyoniachia mama yangu, na nikapata kazi upande wa pili wa mpaka, katika ushirika wa wakulima huko Masaba.

Nilivuka kwa baiskeli kila asubuhi, nikiwapita wanawake wenye mafurushi ya vitenge na vijana wa kubadilisha hela. Ofisi yetu ilikuwa chumba kilichowahi kuwa ghala la karanga. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga mbichi nakumbuka ile meza, ile kompyuta yenye herufi zilizofutika, na dirisha lililotazama tangi la maji juu ya mwinuko.

Ushirika ulikuwa na kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua. Jua likiwaka, pampu ilisukuma maji hadi kwenye tangi. Tangi likijaa, ilijizima yenyewe. Maji yakishuka hadi alama fulani, ilianza tena. Kutoka kwenye tangi maji yaliteremka kwa uzito wake mwenyewe katika matawi mawili. Tawi la juu lilikwenda shuleni na sokoni. Tawi la bonde lilipita kwenye miji ya watu, kama tunavyoita maboma ya familia, mpaka bomba la mwisho, karibu na mahali vijana walipofyatua matofali.

Wafadhili walikuwa wametuwekea vihisi. Kimoja kilikaa kwenye mdomo wa pampu na kuhesabu maji yanayopanda. Kingine kilining'inia ndani ya tangi, chini ya mfuniko, kikipiga mlio usiosikika na mtu na kupima muda wake wa kwenda hadi kwenye maji na kurudi. Hivyo kilijua maji yako umbali gani. Vyote viwili vilikuwa na laini ya simu, na vilinitumia namba kwenye kompyuta na kwenye simu yangu mchana na usiku, zikichorwa kuwa mstari unaopanda na kushuka pamoja na maji. Kwenye mabomba ya kuchotea kulikuwa na mita za kawaida. Walinzi wa mabomba walizisoma na kunipigia simu jioni.

Kazi yangu ilikuwa kuziweka namba hizo pamoja. Maji yaliyopanda yanapaswa kukaribiana na maji yaliyochotwa. Kwa muda mrefu yalikaribiana. Kisha, kidogo kidogo, yakaanza kuachana. Pampu ilifanya kazi muda mrefu zaidi juani, lakini mita za mabomba zilisema watu wanachota kama zamani. Halafu nikaona jambo jingine: usiku, mabomba yote yakiwa yamefungwa kwa kufuli, maji ndani ya tangi yalishuka.

Nilimwonyesha mwenyekiti wetu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu makini, asiyependa kelele.

"Usiku nani anakunywa maji?" aliniuliza. "Wachawi?"

"Sijui, mwalimu. Naona tu yanashuka."

"Mimi najua. Matofali yanataka matope, na matope yanataka maji. Na ufunguo wa bomba la mwisho uko na nani?"

Ufunguo ulikuwa na mama mmoja wa rika langu. Zamani alikuwa akileta dagaa kutoka Lumino na kuzunguka nao sokoni. Alipochoka na barabara, ushirika ukampa ulinzi wa bomba la bondeni. Alikuwa na ulimi mkali na foleni iliyonyooka kuliko zote. Kamati ilikaa, ikakubaliana kwamba anawafungulia wafyatua matofali maji usiku, mahali fulani kabla ya mita. Hawakuwa na ushahidi zaidi ya mstari wangu. Wakaamua kwamba mkutano mkuu ujao upige kura ya kulifunga tawi lote la bonde, ili pampu isichakae bure.

Kufunga tawi kulimaanisha watu wa bonde warudi kwenye kinamasi, mahali ng'ombe wanaposimama ndani ya maji yale yale. Na yeye, pamoja na kurudi huko na ndoo kama wenzake, angerudi akiwa na jina la mwizi.

Niliteremka kwenda kumwona.

"Bwana karani, umekuja kunihesabu?" alisema kabla sijashuka kwenye baiskeli.

"Nimekuja kusoma mita, mama."

"Soma. Ukimaliza usome na uso wangu. Ukiona wizi, andika."

Wanawake kwenye foleni wakacheka, lakini yeye hakucheka. Nilimuuliza kama bomba lake linadondosha. Akaniambia kila jioni anafunga, anapangusa mdomo wa bomba kwa kanga, anaweka majivu chini yake. Asubuhi majivu ni makavu. Niliyaona. Yalikuwa makavu kama unga.

"Nilitembea na dagaa kichwani mpaka shingo ikaingia mabegani," akasema. "Ningetaka kuiba, ningeiba wakati ule, kitu kinacholiwa. Maji ya matope niibe nifanye nini nayo?"

Nilisoma mita yake nikarudi ofisini. Mstari wangu ulikuwa unashuka usiku, na usiku ni wakati wa wezi. Kila nilipoutazama ulisema walichosema wao.

Kisha akafariki mzee mmoja wa tawi la juu, mmoja wa wale walioanzisha ushirika.

Kwetu huko, mazishi ya mwanachama si jambo la kutuma salamu. Usipomzika mwenzako, siku yako watu watakaa nyumbani kwao. Ushirika nao ulikuwa na desturi yake: maji ya kupikia wageni huchotwa mapema na kujazwa kwenye mapipa, halafu mabomba yote hufungwa kabla jeneza halijatolewa nyumbani, na hayafunguliwi mpaka udongo uwe umefunika kaburi. Mlinzi atakayefungua kabla ya hapo atasemwa mpaka wajukuu wake wasemwe.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi chini ya turubai, nikawaona vijana wa matofali wote wakichimba kaburi kwa zamu, magoti yamejaa udongo, kwa sababu wao ndio wenye mikono ya kazi hiyo. Yule mama wa bomba la mwisho aliimba na kwaya ya akina mama, funguo zake zikining'inia kwenye mkanda wa gauni. Kulikuwa na hotuba nyingi. Jua lilikuwa kali, na mzee alizikwa polepole kama alivyoishi.

Kesho yake nilifungua kompyuta. Nilitarajia kuona kwamba wakati ule wa mazishi mstari wa tangi umelala. Tangi lilikuwa limejaa, pampu imejizima, mabomba yamefungwa, na watu wote, wema na wabaya, walikuwa makaburini. Badala yake niliona mstari ukishuka. Na haukushuka kwa kuruka kama unavyofanya watu wakichota, jerikeni hii sasa, nyingine baadaye, kisha kimya. Ulishuka umenyooka. Nilichukua bahasha nikaweka ukingo wake juu ya kioo cha kompyuta. Mstari ukafuata bahasha.

Kisha nikafungua usiku uliotangulia, na ule wa kabla yake, nikalinganisha mistari yake. Mteremko ulikuwa uleule. Kilichokunywa maji yetu usiku kilikuwa kimekunywa vilevile mchana wa mazishi, kwa kasi ileile, bila kupumzika.

Nilikimbia kwa mwenyekiti. Nakumbuka nilisahau hata kumsalimu mke wake.

"Mwalimu, jana wakati wa mazishi vijana wa matofali walikuwa wapi?"

"Kaburini. Niliwaona, nawe uliwaona."

"Na mama wa bonde?"

"Kwenye kwaya. Sauti yake nani haisikii?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa muda, akavua miwani.

"Sasa labda hicho kifaa chako kinaota," akasema. "Kimekaa kwenye joto chini ya bati. Nitasimamaje mbele ya watu na kusema kifaa kimeniambia?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kihisi cha namna ile huweza kudanganywa na mvuke au joto. Tukakubaliana kumwita fundi wa pampu, Mjopadhola kutoka Rubongi, kule karibu na Tororo. Alikuja kwa pikipiki yake, na begi la spana na kipande kirefu cha nondo kilichofungwa ubavuni kama mkuki.

"Karani," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kusema na- kwa kila mtu na kila kitu, "wewe naona watu ndani ya kompyuta?"

"Naona maji tu."

"Basi twende tuone kama maji nasema kweli."

Tuliwaomba walinzi wafunge mabomba baada ya watu wa asubuhi kuisha. Fundi akazima pampu. Kwanza alifunga valvu ya kutokea chini ya tangi, ili maji yasiende popote, akapanda ngazi na mti mrefu alioupaka chaki ili maji yaache alama, akautumbukiza. Tukangoja. Alipoutumbukiza tena, maji yalikuwa palepale, na kwenye simu yangu mstari ulikuwa umelala palepale. Hivyo tukajua mambo mawili: tangi halivuji, na kihisi hakioti.

Kisha akafungua njia ya tawi la juu peke yake. Tukangoja. Mstari ukalala. Akalifunga, akafungua tawi la bonde peke yake, na mabomba yake yote yakiwa na kufuli. Mstari ukaanza kuinama. Mti wa chaki nao ukasema hivyohivyo.

Mwenyekiti alikuwa amesimama chini ya mwavuli wake. "Basi," akasema polepole, "mwizi wa bonde anaiba hata mchana."

Fundi alicheka mpaka akashika ngazi. "Mzee, mwizi gani anachota sawasawa hivi? Hata kwenda kukojoa hapana! Hii ni tundu. Na usiku nakunywa vizuri zaidi kuliko mchana, kwa sababu watu wakifunga bomba, nguvu ya maji ndani napanda."

Mwenyekiti hakukasirika. Lakini alisema lile lililokuwa kweli: watu wa mkutano hawatakubali tundu wasiloliona. Mkutano ulikuwa karibu. Bonde lingefungwa kama hatungelionyesha kwa macho.

Nilipomweleza yule mama, hakufurahi kama nilivyofikiri.

"Kwa hiyo maji yanapotea kwangu."

"Kwenye tawi lako, mama. Si kwako."

"Na hao wataona tofauti?" Akafunga kufuli, akajifunga kanga kiunoni. "Twende. Nitalitafuta hilo tundu mwenyewe."

Tulitembea kufuata njia ya bomba, mimi, yeye na fundi. Njia hiyo nayo ina hadithi. Wakati wa kuchimba mtaro hakukuwa na mkandarasi; kila mji ulichimba kipande kinachopita kwenye kiwanja chake, ukalaza bomba la plastiki, ukafukia. Kwa hiyo kila mji uliita kipande chake "bomba letu", na ndivyo walivyolitunza: huwezi kuona mtu akilima juu yake.

Katikati ya tawi kulikuwa na valvu ndani ya shimo lenye mfuniko. Fundi aliifunga, nami nikatazama simu. Mstari ukalala. Tundu lilikuwa chini ya hapo, kati ya valvu na bomba la mwisho. Nusu ya njia tukawa tumeisamehe.

Sasa akafungua nondo yake. Aliichomeka ardhini juu ya bomba mpaka ikaligusa, akaweka sikio kwenye ncha ya juu, akafunga macho. Maji yanayopita kwenye tundu dogo kwa nguvu hutoa sauti, na chuma huibeba. Juu ya ardhi hatukuona hata unyevu, kwa sababu udongo wa kule ni wa mchanga na maji huzama moja kwa moja. Tulisogea, akachomeka, akasikiliza, tukasogea. Nilijaribu nami, na niliposikia mvumo nikaruka kwa furaha.

"Hiyo ni damu yako, karani," akasema. "Tulia."

Tulifika kwenye mji wa familia moja kubwa. Fundi akachomeka nondo mahali bomba lilipopaswa kuwa. Ikaingia ardhini tu, bila kugusa kitu. Akajaribu tena, kulia, kushoto. Hakuna bomba. Lakini alichosikia kwenye nondo kilikuwa kimeshamkunja uso wote.

"Nalia," akasema. "Nasikia nalia, lakini si hapa."

Mwanamke wa makamo wa mji ule, binti mkubwa wa familia, alikuwa ameketi barazani akipepeta karanga. Akainua kichwa.

"Bomba halipiti hapo."

"Linapita wapi, mama?" nikauliza.

"Linazunguka."

"Linazunguka nini?"

"Linamzunguka mama."

Akatuonyesha kwa ungo. Kulikuwa na kaburi la saruji, na jingine kando yake, na nyuma yake migomba minene, ya kijani kibichi, wakati migomba ya mji mzima ilikuwa imekauka majani.

Akatueleza bila kuficha. Mama yao alipofariki, ilibidi alale kando ya mumewe, na mahali pale ndipo bomba lilipopita. Pampu wakati ule ilikuwa mbovu, bomba kavu. Bomba lilikuwa lao, wamelichimbia wenyewe. Hawakuona sababu ya kwenda kuuliza ushirika. Kaka zake wakalikata, wakachukua kipande kilichobaki wakati wa kulaza, wakawasha moto wa magunzi ya mahindi, wakalilainisha na kulipinda taratibu likazunguka kaburi. Ncha nazo walizipasha moto zikapanuka, zikamezana, wakazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kazi ya mikono safi. Pampu ilipotengenezwa, maji yalifika bondeni, na hakuna aliyewaza tena.

"Na ile migomba?" akauliza mama wa bomba la mwisho.

Binti akaitazama. "Tulisema mama ameridhika na mahali alipo."

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa bonde, niliyemwogopa kwa ulimi wake, akaketi barazani kando yake na kuanza kumsaidia kuokota mawe kwenye karanga. Ndipo alipomwambia habari za mkutano, na jina aliloitwa, na kinamasi. Alisema kwa sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. "Chimbeni," akasema. "Lakini kaburi msiliguse, na mwite katekista aombe kwanza. Na mwenyekiti awepo. Sitaki kesho nisikie tumeficha kitu."

Waliokuja kuchimba walikuwa vijana wa matofali. Nani mwingine? Mmoja wao aliegemea koleo lake mbele ya mwenyekiti.

"Mwalimu, leo unatuita wezi au mafundi?"

"Leo nawaita wanangu," mwenyekiti akajibu. "Chimba."

Katekista aliomba kwa Dhopadhola, lugha ya Wajopadhola, sala fupi. Walichimba kando ya migomba, kwa mikono mwishoni, ili wasiliumize bomba. Udongo ukawa mzito, kisha tope, kisha tukaisikia wote bila nondo: sauti nyembamba kama ya mtu anayenyamazisha mtoto. Mpira wa tyubu ulikuwa umeoza, na pale ncha zilipomezana maji yalitoka kama uzi mweupe. Uzi mdogo tu. Lakini haukuwa umepumzika hata mara moja, na ndiyo ilikuwa siri yake yote.

Binti mkubwa aliinama, akaweka kiganja chake mbele ya uzi ule, maji yakampiga mkononi. Mwenyekiti naye akaweka chake. Nadhani alitaka kugusa kitu alichokuwa amekiita mwizi.

Fundi alifunga valvu ya katikati. Familia ikachagua njia mpya, mbali na makaburi, na vijana wakachimba mtaro. Safari hii bomba lilipita kwa viungo vya dukani vilivyogundishwa vizuri, likaachwa mpaka gundi ikauke kabla ya kufunguliwa maji. Kabla ya kufukia, fundi alifungua maji na kututaka tulitazame bomba lile, kavu kwa nje, kwa muda mrefu. Nami nikatazama simu. Mabomba yote yalikuwa yamefungwa, na mstari ulilala kama mtu aliyepata usingizi baada ya homa.

Kwenye mkutano mkuu hapakuwa na kura. Mwenyekiti alisema mbele ya wote kwamba tawi la bonde litabaki wazi, na kwamba kuanzia sasa mtu akitaka kusogeza bomba, hata lililo kiwanjani kwake, aite fundi, wala hatakatazwa. Watu wakapiga makofi. Yule mama wa bonde hakupiga. Alisimama nyuma, funguo mkononi.

"Mwalimu, wizi mliusema wapi?" akauliza.

"Kwenye kamati."

"Hapana. Ulifika mpaka kwenye foleni yangu. Uje uuondoe huko huko."

Asubuhi iliyofuata niliteremka bondeni kwa baiskeli, kwa kisingizio cha kusoma mita. Mwenyekiti alikuwa amekuja kweli, kwa miguu, amevaa koti. Akaenda moja kwa moja mbele, penye bomba, akakohoa ili aanze.

"Mwalimu," yule mama akasema bila kuinua macho kutoka kwenye jerikeni aliyokuwa akiijaza, "foleni inaanzia kule."

Wanawake wakaangua kicheko. Mwenyekiti akaenda nyuma, akasimama baada ya msichana mwenye ndoo mbili. Foleni ilikuwa ndefu asubuhi ile, na maji yalitoka kwa nguvu ambayo watu wa bonde walikuwa wameisahau. Jerikeni zilijaa haraka, na kila aliyejaza alimsalimu mwenyekiti wakati akipita, naye akaitikia. Ilipofika zamu yake alivua kofia, akasema maneno yake mbele ya wote, akataja kosa kuwa la kamati na lake.

"Haya," mama akasema. "Na jerikeni yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Akaazimwa moja ya manjano, isiyo na mfuniko, na yule mama akamjazia mpaka juu.